Maelekezo makali, nyaraka mkononi au programu inayokagua: njia ipi inapunguza majibu ya kubuni?

Dada mmoja alifika ofisini kwetu, tunakowasaidia wafanyakazi masuala ya sheria, akiwa na picha ya skrini kwenye simu yake. Alikuwa amepika kwenye hoteli kwa miaka 13 na miezi 4, mshahara wa msingi shilingi 520,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Hoteli ilikuwa inapunguza watu na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Apu ya akili mnemba ilimpigia hesabu ya kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mara miaka 13, jumla shilingi 1,820,000. Jina la sheria lilikuwa sahihi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania. Namba ya kifungu ilikuwepo. Hata kuzidisha kulikuwa sawa.

Mwenzangu wa meza ya pili aliitazama mara moja. "Dada yangu," akamwambia, "hapa saba imezidishwa mara kumi na tatu. Sheria inasimama kwenye kumi."

Ndivyo ilivyo. Sheria ile inatoa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini haihesabu zaidi ya miaka 10. Kwa siku moja ya shilingi 20,000 (mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa siku 26 za kazi), haki yake kwa kiwango cha chini cha sheria ni shilingi 1,400,000. Apu ilimwongezea laki nne na ishirini elfu ambazo sheria haimpi, na dada alikuwa ameshaanza kuzipangia ada ya mtoto.

Nilipoliandika swali lilelile upya, kwa maneno tofauti kidogo, likatoka jibu la siku 15 kwa kila mwaka. Hiyo ni namba halisi, ila ni ya Kenya: Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo inayompa anayepunguzwa kazini siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa dada yetu ingefika shilingi 3,900,000. Kwa hiyo swali moja lilikuwa limeleta majibu mawili yasiyo sahihi, na yote mawili yameandikwa kwa sauti ileile ya mtu mwenye uhakika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha njia za kuzuia jambo hili, na hapa naziweka sambamba kwa anayetaka kutengeneza huduma kama hiyo, au anayetaka tu kuuliza swali la maana kwenye simu yake.

Uongo unaingilia wapi

Modeli ya lugha, mtambo ulio ndani ya apu kama ile, hufunzwa kwanza kwa kazi moja: kupewa maandishi na kukisia kipande cha neno kinachofuata. Jambo lililoandikwa mara maelfu, kama jina la mji mkuu wa nchi, hukaa imara. Jambo lililoandikwa mara chache, kama kikomo cha miaka 10 kwenye kifungu cha sheria ya kazi ya Tanzania, hukaa kwa kulegea. Lakini mtindo wa jibu la kisheria, wenye jina la sheria, namba ya kifungu, fomula na jumla mwishoni, umeandikwa mara nyingi mno na modeli imeumudu vizuri. Ndiyo maana umbo la jibu hutoka kamili hata pale ambapo kilichomo ndani ni cha kukisia. Mtu akikisia, husita na kigugumizi kinamuumbua. Modeli haina kigugumizi hicho.

Sababu ya pili ni mitihani. Mwezi Septemba 2025 watafiti wa OpenAI na mwenzao wa chuo kikuu walitoa andiko linaloeleza kwamba vipimo vingi vinavyotumika kushindanisha modeli hutoa alama moja kwa jibu sahihi, sifuri kwa kosa, na sifuri vilevile kwa "sijui". Aliyewahi kufanya mtihani wa kuchagua A, B, C au D anajua kinachofuata: huachi swali wazi, unaweka C na kuomba Mungu. Modeli inayokisia siku zote itapata alama nyingi kuliko ile inayokiri kutojua, na waundaji wanafuata alama. Kwenye andiko hilo mna mfano mmoja mdogo unaotosha: modeli ilitakiwa kutaja tarehe ya kuzaliwa ya mmoja wa waandishi, mara tatu, na mara zote tatu ikatoa tarehe tofauti, hakuna hata moja iliyo sahihi. Na ilikuwa imeelekezwa ijibu ikiwa tu inajua.

Sababu ya tatu ilinishangaza zaidi. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Anthropic walifungua modeli yao kwa ndani na kukuta kwamba hali yake ya kawaida, ikiulizwa jambo, ni kukataa kujibu. Kinachozima kukataa huko ni kutambua jina. Jina likiwa linafahamika, breki inaachiwa. Matatizo huanza pale jina linapofahamika lakini habari zake hazimo: breki imeshaachiwa na gari halina dereva. Nikirudi kwenye swali la dada, naona kitu kinachofanana na hicho. "Tanzania", "kiinua mgongo" na "sheria ya kazi" ni maneno yanayofahamika vizuri, na hakuna hata moja linaloonekana geni kiasi cha kuifanya modeli isimame.

Niongeze jambo moja ambalo watu hulikimbilia bila faida. Kwenye mipangilio ya modeli kuna kitufe kinachoitwa `temperature`, na wengi huambiwa wakishushe hadi sifuri ili modeli iache kubuni. Ukikishusha, modeli huchagua kila mara kipande chenye uwezekano mkubwa zaidi, basi. Kama kipande hicho ni cha uongo, utapata uongo uleule kila siku bila kubadilika. Unapunguza kutangatanga, hupunguzi kukosea.

Maelekezo peke yake

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuandika vizuri unachotaka: "kama huna uhakika, sema hujui", "usitaje kifungu usichokijua". Haigharimu chochote na yeyote anaweza kuitumia leo. Inasaidia kweli, hasa kwa modeli mpya zilizofunzwa kukubali kutojua. Lakini ielewe inafanya nini. Inasogeza mstari wa kukataa tu, haiongezi ujuzi. Modeli inayoamini siku 15 haioni sababu ya kusema "sijui". Nawe ukiubana mstari sana, inaanza kukataa hata mambo inayoyajua, na mtumiaji anakata tamaa.

Ndani ya njia hii kuna kitu kimoja ninachokithamini kuliko amri zote za "usidanganye", nacho ni kuondoa dai kwenye swali. Mtu akiandika "nitajie kifungu kinachomlazimu mwajiri kunilipa miezi mitatu", ameshaweka kifungu kisichothibitishwa mezani, na kazi ya modeli imegeuka kuwa kukipa namba. Swali hilohilo likiandikwa "sheria inasema nini kuhusu malipo ya anayepunguzwa kazini, na masharti yake ni yapi", mtego umeondoka. Watu wetu huuliza kwa namna ya kwanza kwa sababu wameshasikia kitu kijiweni na wanataka kukithibitisha. Ukitengeneza huduma, panga hatua ya kuliandika swali upya bila dai kabla halijajibiwa.

Kuna maelekezo mengine yanayopendwa: kuirudia modeli na kuiambia ikague jibu lake. Hapa kesi ya New York ya 2023 inafundisha kila kitu. Mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zenye hukumu sita ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Walipokuwa na mashaka, waliirudia apu ileile kuiuliza kama hukumu hizo ni za kweli, ikathibitisha kuwa ni za kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Modeli ikijikagua bila kupewa kitu kipya cha kusoma, inashauriana na kumbukumbu ileile iliyokosea.

Kurudia swali na kulinganisha majibu

Njia hii nitaipitia haraka. Unatuma swali moja mara tano, kila mara kwenye mazungumzo mapya, kisha unaangalia kama majibu yanakubaliana kwa maana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwenye jarida la Nature mwaka 2024 kwamba kutawanyika kwa maana za majibu ni dalili nzuri ya kubuni. Tarehe ya kuzaliwa iliyokisiwa hutawanyika. Tarehe inayojulikana hurudi ileile. Kwa dada yetu, njia hii ingetoa siku 7 na siku 15 kwenye majibu tofauti, na hilo peke yake lingetosha kuwasha taa nyekundu.

Ila watafiti hao hao waliweka mpaka wazi: njia hii hukamata kosa linaloyumba, haikamati kosa lililokaa. Kikomo cha miaka 10 kikisahaulika mara zote tano, utapata makubaliano kamili juu ya 1,820,000. Na gharama ni mara tano. Naitumia kama kengele tu, sijawahi kuitumia kama hakimu.

Kuiwekea maandishi mbele

Hapa ndipo mambo yanabadilika kweli, kwa sababu chanzo cha jibu kinahama. Badala ya kuitegemea kumbukumbu ya modeli, unaiwekea sheria yenyewe na kuitaka ijibu kutoka humo. Maelekezo tuliyofikia, baada ya kuyapunguza mara nyingi, ni haya:

```
Tumia maandishi yaliyo kati ya <sheria> na </sheria> peke yake.
Kwanza nakili neno kwa neno sentensi zinazojibu swali.
Nakili pia masharti na mambo yanayotengua haki hiyo.
Kisha eleza kwa Kiswahili chepesi.
Kama hakuna sentensi inayojibu, andika: HAIMO
Kama taarifa za muulizaji hazitoshi, andika kinachokosekana.
```

Mstari wa pili ndio uti wa mgongo. Nukuu ikitangulia, maelezo hulazimika kuifuata. Maelezo yakitangulia, nukuu hutafutwa baadaye ili kuyapamba, na hapo ndipo utaona nukuu isiyohusiana na kilichosemwa. Mstari wa tatu ulizaliwa na kosa nitakalolieleza punde.

Watu wengi wakisikia njia hii wanakimbilia kujenga hifadhi kubwa, nyaraka zimekatwa vipande, na programu ya kutafuta vipande vinavyofanana na swali. Nashauri usianzie huko. Sheria moja kama hii ya ajira huingia nzima kwenye maelekezo ya modeli nyingi za sasa. Kama huduma yako inahusu sheria moja au kanuni za chama kimoja cha akiba na mikopo, iweke nzima. Utalipia maneno mengi zaidi kwa kila swali, lakini umefuta kundi zima la makosa: kosa la kuleta kipande kisicho sahihi.

Nyaraka zikiwa nyingi, hifadhi haiepukiki, na hapo fungua macho. Watafiti wa Stanford walipima mwaka 2024 zana za kibiashara za utafiti wa sheria za Marekani, zana zilizojengwa juu ya hifadhi za hukumu halisi, na bado zilibuni au kupotosha kwenye angalau swali moja kati ya kila sita. Kilichonipa shida mimi ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni mkato. Kwenye sheria yetu, kiwango cha siku 7 na kikomo cha miaka 10 viko kwenye kifungu kidogo kimoja. Sharti la kuwa umefanya kazi miezi 12 mfululizo liko kifungu kidogo kinachofuata. Na mambo yanayomnyima mtu kiinua mgongo, kama kuachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu, au kukataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa na mwajiri yuleyule, yako mbele zaidi. Tulipokata nyaraka kwa idadi ya herufi, kisu kilipita katikati. Kijana aliyeachishwa kwa wizi uliothibitishwa alipigiwa hesabu safi kabisa ya kiinua mgongo, na nukuu yake ilikuwa ya kweli neno kwa neno. Hapakuwa na kilichobuniwa, lakini jibu lilikuwa la kumpoteza. Tukaacha kukata kwa herufi, tukakata kwa kifungu kizima hata kama ni kirefu, na tukaongeza ule mstari wa tatu.

Cha pili ni nchi. Kipande cha sheria ya Kenya na cha Tanzania vinavyozungumzia kupunguzwa kazini vinafanana mno kwa maneno, na programu ya kutafuta hupima kufanana. Kila kipande lazima kibebe lebo ya nchi na ya toleo la sheria, na uchujaji ufanyike kwa lebo kabla ya kutafuta. Usiiachie modeli ichague nchi baada ya kuletewa vipande mchanganyiko. Toleo ni muhimu kwa sababu sheria hurekebishwa na namba za vifungu huhama. Nukuu inayolingana kabisa na toleo lililofutwa ni kosa lililothibitishwa.

Cha tatu ni lugha. Sehemu kubwa ya sheria za Tanzania zilitungwa kwa Kiingereza, na ingawa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, nyaraka nyingi mkononi bado ziko katika lugha ya awali. Muulizaji anaandika "wamenipiga chini", na hifadhi haina maneno hayo wala jamaa zake. Ilitubidi kuliandika swali kwa lugha ya sheria kwanza, kutafuta, kisha kurudi kwenye Kiswahili. Na nukuu iachwe katika lugha ya chanzo. Modeli hupenda kuitafsiri kwa hisani, na nukuu iliyotafsiriwa huwezi kuikagua kwa programu.

Programu inayokagua

Hii haishindani na njia zilizotangulia. Inakaa baada yake. Ni mistari michache isiyokisia chochote. Ya kwanza inahakikisha nukuu ipo kwenye chanzo:

```python
def ipo(nukuu, chanzo):
    safi = lambda s: " ".join(s.lower().split())
    n = safi(nukuu)
    return len(n) > 30 and n in safi(chanzo)
```

Ile `len(n) > 30` nimeiweka baada ya kuumia. Bila hiyo, nukuu tupu hupita, kwa sababu kwa kompyuta maandishi matupu yamo ndani ya maandishi yoyote. Tulikuwa na majibu yasiyo na nukuu yaliyokuwa yakipewa alama ya kijani kwa wiki nzima.

Ya pili inapiga hesabu. Modeli ya lugha isipewe kuzidisha fedha za watu. Kazi yake iwe kusoma taarifa kwenye maelezo ya muulizaji, na programu ndiyo ihesabu:

```python
def kiinua_mgongo(mshahara, miaka, siku_kwa_wiki):
    siku_moja = mshahara / 4.333 / siku_kwa_wiki
    return round(siku_moja * 7 * min(int(miaka), 10))
```

Kugawa kwa 4.333 kunatoka kwenye jedwali la sheria la kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa wiki. Weka 520,000, miaka 13.3 na siku 6: inatoka 1,400,108, zile shilingi mia na kitu zikiletwa na desimali. Kikomo cha miaka 10 kimeandikwa kwenye `min`, na hakuna namna ya kukiuliza kwa maneno matamu kikasahaulika.

Kitu kingine kikajitokeza. Ukibadilisha siku 6 kuwa 5, jumla inapanda hadi 1,680,129, na watu karibu wote hawataji siku wanazofanya kazi kwa wiki. Modeli ikiachiwa, huijaza nafasi hiyo kimyakimya. Programu haiwezi kuhesabu bila namba hiyo, kwa hiyo inalazimika kuuliza. Huko kujaza pengo la muulizaji ni kubuni pia, na sijaona njia ya maelekezo inayokuzuia vizuri kama fomu yenye kisanduku kisichokubali kuachwa wazi.

Mpaka wa njia hii ni kwamba inakagua kilichoandikwa, haikagui kilichoachwa. Yule kijana wa wizi angepita vizuri tu kwenye kaguzi zote mbili.

| Njia | Ukweli unatoka wapi | Inakamata nini | Inaponyokwa na nini |
|---|---|---|---|
| Maelekezo peke yake | Kumbukumbu ya modeli | Baadhi ya kukisia | Kosa ambalo modeli inaliamini |
| Kurudia na kulinganisha | Kumbukumbu ya modeli | Kosa linaloyumba | Kosa linalojirudia |
| Maandishi mbele | Nyaraka zako | Kubuni vifungu na viwango | Kipande, nchi au toleo lisilo sahihi |
| Programu ya ukaguzi | Nyaraka na fomula | Nukuu bandia, hesabu mbovu | Sharti lililoachwa |

Kupima kabla ya kuchagua

Usichague kwa kusoma majibu matatu na kufurahi. Kusanya maswali 20 ya kweli, na ndani yake weka makusudi matano ambayo nyaraka zako hazina jibu, mawili yenye dai la uongo, na mawili yenye taarifa pungufu. Andika majibu sahihi mwenyewe. Kisha toa alama kwa namna inayoumiza: jibu sahihi alama 1, kukiri kutojua 0, kosa hasi 3. Kwa malipo hayo, kukisia kuna faida pale tu uhakika unapozidi robo tatu.

Ona tofauti inayoletwa. Tuseme mpangilio wa kwanza unapata 15 sahihi na makosa 5. Wa pili unapata 12 sahihi, kosa 1, na mara 7 unasema hauna jibu. Kwa asilimia za kawaida wa kwanza unaongoza. Kwa alama zangu, wa kwanza una 15 toa 15, yaani sifuri. Wa pili una 12 toa 3, yaani 9. Kwa anayedai haki yake mbele ya mwajiri, nautaka wa pili bila kufikiri mara mbili. Kwa anayetafuta mawazo ya jina la duka, huo wa kwanza unamfaa, na adhabu ya kosa ishushwe.

Wewe uchukue ipi

Kama unatumia simu tu, huna programu wala hifadhi, nakili kifungu cha sheria au ukurasa wa kanuni kutoka chanzo rasmi, ubandike kwenye swali pamoja na yale maelekezo ya kunukuu kwanza, kisha tafuta nukuu kwa macho yako kwenye ukurasa ule. Ni dakika tano. Usipokuwa na ukurasa wowote wa kubandika, andika swali lisilo na dai, lirudie kwenye mazungumzo mapya mara tatu, na chochote chenye namba kichukue kama fununu ya kwenda kuthibitisha.

Kama ni ofisi yenye sheria moja au kitabu kimoja cha kanuni, weka maandishi mazima, ongeza ukaguzi wa nukuu, na hesabu zote zifanywe na programu. Hapa ndipo tulipo sisi, na sioni sababu ya kuongeza mitambo. Hifadhi ya kutafuta iache mpaka nyaraka zikuzidi, na ukifika huko, siku za mwanzo zote zitumie kwenye kukata vipande na kuweka lebo; modeli ipi utumie ni swali dogo kuliko hayo.

Kwa kila huduma inayogusa fedha au kazi ya mtu, weka pia mlango wa kutokea kwa binadamu. Kwetu, jibu likiwa HAIMO, nukuu ikikataliwa, au sababu ya kuachishwa ikiwa ni nidhamu, mashine haitoi namba yoyote. Inampa mtu tarehe ya kuja ofisini na orodha ya karatasi za kubeba: mkataba, hati za mshahara za miezi mitatu, na barua ya kuachishwa. Dada wa hoteli alikuja na zote tatu. Kwenye mkataba wake, ukurasa wa mwisho, mwajiri alikuwa ameahidi kiinua mgongo cha siku 10 kwa kila mwaka, zaidi ya kiwango cha chini cha sheria, na hilo halikuwa kwenye hifadhi ya mtu yeyote.